Maharage Nusu Kilo na Majiko Mawili

Makala nyingi za kulinganisha bidhaa mbili huishia kwa sentensi moja: "Kila kimoja kina faida na hasara zake, chaguo ni lako." Msomaji alishajua kwamba chaguo ni lake, na ndiyo maana akatafuta makala. Alitaka mtu aliyekaa na vitu vyote viwili, akavitumia kwa kazi ileile, akapima, kisha akamwambia kipi kinamfaa nani. Asipoambiwa hilo anarudi kwa muuza duka, na muuza duka anasifia kile kilichojaa stoo.

Nataka kueleza jinsi makala ya namna hiyo inavyoandikwa kwa haki, na nitashika mfano mmoja mpaka mwisho: jiko dogo la gesi la mtungi wa kilo 6 dhidi ya presha kuka ya umeme ya lita 6. Nimeuchagua kwa sababu swali lake liko mezani kwa familia nyingi. Tangu Tanzania izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, watu wanaotoka kwenye mkaa wanauliza waanze na kipi. Pia ni mfano mzuri kwa sababu ni rahisi sana kuukosea. Makala inaweza kuwa na namba sahihi kutoka juu hadi chini na bado ikampotosha msomaji.

Kazi ya kwanza inafanyika kabla ya kuwasha chochote: mwandishi aamue anamwandikia nani. "Watumiaji wa majiko" hawatoshi kuwa jibu. Chukua familia ya watu watano iliyopanga vyumba viwili Dar es Salaam, inayopikia mkaa, yenye akiba ya kununua kifaa kimoja tu mwezi huu. Inapika maharage au makande mara nne kwa wiki, ugali karibu kila siku, chai asubuhi, chapati siku za mapumziko. Orodha hiyo ya vyakula ndiyo itakayosema nini kipimwe. Mwandishi asiye na orodha atapima kile ambacho ni rahisi kupima, na kwa kawaida hicho huwa ni kuchemsha lita moja ya maji. Maji yana faida yake, lakini hakuna familia inayoshiba maji ya moto, na kama tutakavyoona, jibu la maji ni tofauti kabisa na jibu la maharage.

Kisha vifaa vinunuliwe dukani kama anavyonunua mtu mwingine yeyote. Mashirika yaliyoijenga kazi hii yalilishika jambo hilo tangu mapema. Consumers Union ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936, ilikataa matangazo ya biashara katika gazeti lake na ikawa inanunua bidhaa madukani bila kujitambulisha. Stiftung Warentest ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1964, nayo hununua kimyakimya. Sababu ni nyepesi. Muuzaji akijua kifaa kinakwenda kwa mwandishi, atachagua kilicho bora, atakikagua, pengine atabadilisha mpira wa mfuniko uliokaa vibaya, na kifaa kitakachoandikwa hakitakuwa kile atakachouziwa msomaji. Najua magazeti yetu mengi hayana bajeti ya kununua kila kitu. Basi kifaa kikiazimwa, au mwandishi akipata kamisheni kwa kila kinachouzwa, msomaji aambiwe hivyo katika aya za mwanzo, kabla hajaanza kuamini namba.

Sasa twende jikoni, kwa sababu hapa ndipo haki inapopatikana au kupotea.

Chukua maharage kutoka gunia moja, yachague, yachanganye vizuri, uyagawe nusu kilo nusu kilo. Gunia lazima liwe moja. Maharage yaliyokaa muda mrefu, hasa mahali penye joto na unyevu, hukakamaa na kuchelewa kuiva, kwa hiyo ukipika ya msimu huu kwenye jiko moja na ya mwaka jana kwenye jingine, utakuwa umelinganisha magunia. Uamuzi wa kuloweka au kutoloweka uwe mmoja kwa pande zote, na uandikwe.

Baada ya hapo linakuja swali linalowachanganya waandishi wengi waangalifu: je, kila jiko lipewe maji kiasi kilekile? Mtu atasema ndiyo, la sivyo si haki. Lakini sufuria ya kawaida juu ya gesi hupoteza maji mengi kwa mvuke katika muda wa saa mbili, na mpishi huwa anaongeza. Presha kuka imefungwa, karibu haipotezi kitu. Ukiilazimisha ipokee maji mengi kama ya sufuria, utakuwa unaitaka ichemshe maji yasiyohitajika na kukupa maharage yanayoelea. Ukiinyima sufuria maji yake, maharage yataungua. Haki haiko katika kufanya kila kitu kifanane. Kinachopaswa kufanana ni chakula kinachoingia na hali ya chakula kinapotoka. Katikati hapo, kila kifaa kitumike kama mpishi mzuri anavyokitumia.

Kwa hiyo "kuiva" kunahitaji kipimo. Hakuna haja ya maabara. Toa punje kumi kutoka sehemu mbalimbali za chungu, ibonye kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiamua kwamba punje tisa kati ya kumi lazima zipondeke bila kubaki kiini kigumu, kanuni hiyo itumike kwa majiko yote, na ikiwezekana anayebonya asiambiwe punje zimetoka wapi. Kwa sufuria ya wazi unaweza kuonja kila baada ya dakika kumi. Presha kuka haifunguliki mpaka mvuke utoke, kwa hiyo ukikuta bado, unafunga tena na muda na umeme unaongezeka. Hilo ni tabia ya kifaa chenyewe, na lazima lihesabiwe. Mwandishi anayefanya jaribio la pili kwa muda aliokwisha kuujua, kisha akaripoti la pili peke yake, amemficha msomaji kile kitakachompata siku ya kwanza nyumbani.

Upande wa vipimo, gesi inapimwa kwa uzito. Mizani ndogo ya jikoni haifai, kwa sababu mtungi wa kilo 6 ukiwa na gesi na chuma chake unaweza kufika kilo 12 au zaidi. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, inatosha kama inaonyesha hatua za gramu 10. Pima mtungi kabla, pika, pima baada. Wakati huohuo soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma karibu na mshikio. Uzito wa mtungi mpya uliojazwa ukitoa namba hiyo, unapaswa kupata kilo 6. Kama ni pungufu, bei halisi ya kila gramu ni kubwa kuliko ile uliyoambiwa, na hiyo ni habari ya kuandika.

Umeme ni rahisi zaidi, lakini una mtego wake. Watu husoma LUKU kabla na baada, wakasahau kwamba friji iliwaka na kuzima mara kadhaa katikati. Zima kila kitu kingine, au tumia kipima umeme kidogo kinachokaa kati ya soketi na plagi. Usitegemee wati zilizoandikwa kwenye kifaa. Presha kuka ya wati 1,000 haivuti wati 1,000 kwa saa nzima. Huvuta kwa nguvu mpaka ipande presha, kisha inajizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi, kwa sababu chungu kimefunikwa na joto halitoki. Anayezidisha wati kwa saa ataifanya ionekane inakula umeme maradufu ya ukweli, na makala za namna hiyo zimewatisha watu wengi bure.

Rudia kila jaribio angalau mara tatu. Mzunguko mmoja unaweza kuharibiwa na upepo wa dirishani unaopeperusha moto wa gesi, au na mpira wa mfuniko uliokaa upande. Ukirudia, unaona tofauti kati ya mzunguko na mzunguko wa jiko lilelile. Tofauti hiyo ndiyo kipimo chako cha uaminifu. Kama jiko moja lenyewe linayumba kwa gramu 20 kutoka siku moja hadi nyingine, basi kusema jiko fulani limemshinda mwenzake kwa gramu 10 hakuna maana. Andika sare.

Hebu tuone namba zinavyokuja. Nusu kilo ya maharage yasiyolowekwa, kwa vifaa vya kawaida na pwani, huangukia karibu na makadirio haya: sufuria ya wazi juu ya gesi inachukua kama saa mbili na gramu 150 za gesi, na presha kuka inatumia kama uniti 0.4 za umeme. Jiko lako litatofautiana, na ndiyo sababu ya kupima.

Tugeuze kuwa fedha. Kwa mfano, kujaza mtungi wa kilo 6 kukiwa shilingi 24,000, kila gramu ni shilingi 4, na maharage yale yametumia shilingi 600. Kwa umeme tuchukue bei ambazo EWURA iliidhinisha mwaka 2016, ambapo mteja wa kundi la T1 alipangiwa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika kama 356. Uniti 0.4 zinakuwa shilingi 142. Tofauti ni shilingi 458 kwa kila chungu, na presha kuka imeshinda kwa mbali. Ukisimama hapa una kichwa cha habari kizuri: umeme unaokoa asilimia 76.

Usisimame hapa. Kuna kifaa cha tatu ambacho hakikuitwa kwenye mashindano: sufuria ya presha ya kawaida, ile ya kuweka juu ya moto. Presha kuka ya umeme haishindi kwa sababu ni ya umeme tu. Inashinda kwa sababu imefungwa, ndani yake joto linapita nyuzi 100 na maharage yanaiva haraka. Weka sufuria ya presha juu ya lile jiko la gesi, na matumizi yanashuka hadi kama gramu 75, yaani shilingi 300. Zaidi ya nusu ya ule ubora tuliousifia ilikuwa ni ya mfuniko. Makala iliyolinganisha gesi yenye sufuria ya wazi na umeme wenye mfuniko wa presha imelinganisha mambo mawili kwa pamoja na kuyapa jina moja. Mwandishi anapaswa kujiuliza kila mara: kinachosababisha ushindi huu ni nini hasa, na je, mpinzani anaweza kukipata kwa bei nafuu?

Tazama sasa asilimia zinavyocheza bila mtu yeyote kusema uongo. Dhidi ya sufuria ya wazi, mteja wa T1 anaokoa asilimia 76. Mteja wa kundi la D1, anayetumia umeme kidogo na kulipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, chungu chake kitakuwa kama shilingi 49, na ameokoa asilimia 92. Dhidi ya sufuria ya presha juu ya gesi, mteja wa T1 anaokoa asilimia 53. Kwa chai, ambapo lita ya maji inatumia kama gramu 13 za gesi au uniti 0.1, anaokoa asilimia 30 hivi, na kwa fedha ni kama shilingi 16, kiasi ambacho vipimo vya nyumbani vinakimeza. Kifaa ni kilekile, asilimia ni nne. Tangazo litachukua ya 92 na kuweka neno "hadi" mbele yake. Mwandishi wa haki aeleze kila asilimia imetoka kwenye chungu gani na kwa mteja yupi, au aiache kabisa na kutaja shilingi kwa chungu, ambazo haziwezi kujificha.

Tena afadhali kuliko shilingi ni gramu na uniti. Bei ya gesi hubadilika, na bei ya umeme ya Mombasa si ya Tanga. Ukichapisha shilingi peke yake, makala inazeeka mara bei ikipanda. Ukichapisha kwamba chungu kimetumia gramu 150 au uniti 0.4, msomaji wa Nairobi au wa Bujumbura anazidisha kwa bei yake mwenyewe na kupata jibu lake, na mwaka kesho bado linafanya kazi. Kando ya shilingi ulizoziweka kama mfano, andika mji na mwezi ulioulizia bei.

Bado hatujagusa ugali. Hapa presha kuka inashindwa waziwazi, na makala yoyote inayolipita jambo hili kwa haraka kwa sababu maharage yamekwenda vizuri imeanza kuchukua upande. Ugali unataka mkono uingie, mwiko usukume, sufuria ishikwe isizunguke. Chungu cha ndani cha presha kuka kinazunguka, mara nyingi kina rangi ya kuzuia kugandisha inayokwaruzwa na mwiko, na moto wake hauongezwi na kupunguzwa kwa kugusa tu kama gesi. Wapo wanaoupika humo, lakini mpishi wa kila siku ataona karaha. Chapati hazifai kabisa. Samaki wa kukaanga ni shida. Kwa familia yetu ya watu watano, hiyo ina maana kwamba presha kuka peke yake haiwezi kuuondoa mkaa nyumbani. Gesi peke yake inaweza.

Kinyume chake, kuna lawama moja ambayo presha kuka hupewa bila haki: kwamba inapika chungu kimoja kwa wakati. Ni kweli, lakini jiko la mtungi wa kilo 6, lile ambalo kichomeo kinafungwa juu ya mtungi wenyewe, nalo lina moto mmoja. Kasoro ikiwa ya wote wawili, iandikwe kwa wote wawili au isiandikwe. Nimeisoma lawama hiyo upande mmoja mara nyingi mno.

Kuna mambo ambayo mizani haiyaoni na bado yanaamua. Umeme ukikatika, maharage yanabaki nusu. Gesi ikiisha, lazima uwe na shilingi 24,000 kwa mkupuo, ilhali LUKU inanunuliwa kwa simu hata kwa shilingi 1,000. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko akiba yote ya maharage, kwa sababu siku gesi inapoisha bila fedha mkononi anarudi kununua mkaa wa kopo. Halafu kuna nyumba za kupanga zenye LUKU moja kwa wapangaji wote. Mpangaji akileta presha kuka, wenzake watadhani yeye ndiye anayemaliza uniti, hata kama friji ya chumba cha pili inakula zaidi. Makala inaweza kumsaidia kwa namba: uniti 0.4 kwa chungu, mara nne kwa wiki, ni kama uniti 7 kwa mwezi. Kwa namba hiyo anaweza kuzungumza na mwenye nyumba na wapangaji wenzake. Na kwa mteja wa D1 aliye karibu na uniti 75, hizo 7 zinaweza kumvusha mpaka, na kila uniti inayozidi hapo imepangiwa shilingi 350 kabla ya kodi. Yule wa asilimia 92 anaweza kujikuta yuko pabaya kuliko mteja wa T1, kwa uniti hizo za juu.

Mahali nako ni sehemu ya matokeo. Vipimo vilivyofanywa Dar es Salaam, ambako maji yanachemka kwa nyuzi karibu 100, havihamii Mbeya hivihivi. Mji ule uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na maji huchemka kwa nyuzi kama 94. Maharage katika sufuria ya wazi yanachukua muda mrefu zaidi na gesi zaidi, wakati chungu cha presha hakiathiriki sana. Kwa msomaji wa Mbeya, Iringa au Njombe, kifaa chochote cha presha kina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali la Dar. Sentensi moja ya kueleza vipimo vimefanyika wapi inamwokoa.

Sasa hesabu ya kununua. Tuseme jiko la gesi kamili na mtungi wake ni shilingi 100,000, presha kuka 180,000, na sufuria ya presha 60,000. Anayetoka kwenye mkaa akichagua presha kuka badala ya gesi anaongeza 80,000. Akipika maharage mara nne kwa wiki, zile shilingi 458 za kila chungu zinairudisha nyongeza hiyo katika miezi kama kumi. Akipika mara moja kwa wiki, inachukua zaidi ya miaka mitatu, na hapo hajui kama kifaa kitaishi muda huo. Mara ngapi unapika vyakula vigumu ndilo swali linalogeuza jibu, kwa hiyo liwekwe juu kabisa ya makala ili msomaji ajijibu kabla ya kuendelea.

Kisha mgeukie msomaji aliye na gesi tayari, kwa sababu naye atasoma. Kwake, presha kuka ya 180,000 inajilipa kwa karibu miaka miwili akipika mara nne kwa wiki. Sufuria ya presha ya 60,000 inamwokolea shilingi 300 kwa chungu na inajilipa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hesabu hizi, ushauri mwema kwake ni kifaa ambacho hakimo kwenye kichwa cha makala. Kuna wahariri wasiopenda jambo hilo, kwa kuwa kichwa kimeahidi vitu viwili. Mimi ningelichapisha kwa herufi nzito.

Uamuzi wenyewe usiandikwe kwa alama. Utaona jedwali linalotoa nane kwa bei, saba kwa usalama, tisa kwa muonekano, kisha jumla. Jumla hiyo inadai kwamba muonekano una uzito sawa na usalama, na hakuna aliyeulizwa. Uandikwe kwa watu. Kwa mfano wetu ungesomeka hivi: Kama unatoka kwenye mkaa na utanunua kimoja tu, nunua gesi, kwa sababu itapika kila chakula chako, ugali na chapati vikiwemo, tenga fedha ya kujaza kabla mtungi haujaisha. Kama unapika maharage, makande au nyama ngumu mara nne au zaidi kwa wiki na una njia nyingine ya kupikia ugali, nunua presha kuka. Kama gesi unayo, anza na sufuria ya presha. Kama umeme wa mtaani kwako hukatika jioni mara kwa mara, presha kuka ingoje.

Kabla ya kuipeleka rasimu kwa mhariri, mpe mtu anayemiliki kile kilichoshindwa na kukipenda. Mwenye presha kuka atakuambia kwamba wakati maharage yanaiva yeye anafua, hasimami kuchochea wala kuogopa kuungua, na kwamba hukutaja hilo popote. Atakuwa na haki, na litaingia. Mwenye gesi atakuonyesha kwamba ulipima na moto mkubwa baada ya maji kuchemka, kitu ambacho yeye hafanyi. Hilo likiwa kweli, jaribio linarudiwa.

Na mwishoni mwa makala kiwepo kisanduku kidogo cha yale ambayo hayakupimwa. Wiki mbili za kupika haziwezi kusema kifaa kitadumu miaka mingapi. Kinachoweza kuchunguzwa ndani ya muda huo ni vipuri: mpira wa mfuniko wa presha kuka hii unauzwa peke yake au hauuzwi, chungu cha ndani kinapatikana au ukikikwaruza ndiyo basi, regulata na mpira wa gesi vinabadilishwa kwa bei gani. Nenda Kariakoo na mpira wenyewe mkononi, uulize duka kwa duka. Ukiukosa, andika kwamba umeukosa, utaje na mwezi.